Mwaka wa farasi si sikukuu ya farasi

Nimezaliwa Machi 1990, kwa hiyo kwa hesabu ya Wachina, ambao huipa miaka majina ya wanyama 12 wanaopokezana, mimi ni farasi. Mwaka wa farasi umeingia tena tarehe 17 Februari 2026, na ndugu zangu hapa Tanga walioipata habari hiyo kwenye simu wamenipongeza: mwaka wako huo, nyota yako itang'ara. Nimeitikia ahsante. Ila yeyote aliyewahi kukaa na Wachina anajua kwamba pongezi hizo zimevaliwa nje ndani. Mwaka wa mnyama wako haukuletei bahati. Ndio mwaka wa kutembea ukitazama unapokanyaga. Wanauita benming nian, na humrudia mtu kila baada ya miaka 12.

Mimi niliujulia Beijing, mwaka wa farasi uliotangulia huu, yaani 2014, nikiwa mwanafunzi. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya familia yenye asili ya mkoa wa Shandong. Walikuwemo Babu na Bibi, binti yao ambaye wote tulimwita Mama, na mjukuu wao, msichana wa rika langu ambaye ndiye aliyenipeleka pale. Babu alizaliwa 1942 na mjukuu 1990, hivyo wote wawili walikuwa farasi. Ukiniongeza mimi tulikuwa farasi watatu chini ya paa moja. Mama ni wa 1965, nyoka, kwa hiyo mwaka wake wa hatari ulikuwa 2013, na ulipokuwa unamalizika yeye ndiye aliyebaki na nafasi ya kutuhangaikia sisi.

Hofu yenyewe ilitoka angani. Sayari ya Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, na wanajimu wa China ya kale waliigawa njia yake mafungu 12. Kisha wakajiwekea nyota nyingine isiyoonekana, inayokwenda upande wa kinyume na Mshtarii, ili hesabu zao za miaka zinyooke. Wakaiita Tai Sui. Karne zilivyopita, nyota hiyo ya kwenye hesabu ikageuka kuwa mungu mkali, halafu ikawa majemadari 60 wanaopokezana zamu, kila mwaka na wake. Mwaka unapoangukia kwenye fungu la mnyama wako, Tai Sui ameketi juu ya kichwa chako. Ni kama kupanga chumba chini ya kile cha mwenye nyumba mkorofi: hana ugomvi na wewe, lakini kila kelele yako ataisikia. Kwa hiyo unanyamaza. Huanzi biashara, huhami, huachi kazi, hujengi, huoi wala huolewi, na jambo lolote kubwa linaloweza kungoja, linangoja.

Hivyo ndivyo wanavyosema. Wanavyofanya ni hadithi nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mambo yalianza na soksi. Siku chache kabla ya mkesha wa mwaka mpya, uliokuwa tarehe 30 Januari 2014, Mama alirudi kutoka sokoni na mfuko wa vitu vyekundu: chupi, soksi, mkanda wa suruali wa Babu, na nyuzi nyekundu za kufunga mkononi. Chini ya nyayo za soksi palikuwa na maandishi ya kuomba kwamba ukitembea uwe unawakanyaga wafitini. Nilicheka, nikaulizwa ninacheka nini, nikakaa kimya. Wekundu kwa Wachina ni kinga ya mabaya tangu zamani, na katika mwaka huu kinga inatakiwa ikae kwenye ngozi, ndiyo maana inaanzia kwenye nguo za ndani.

Sharti lililonigusa ni kwamba vitu hivyo hujinunulii. Apaswaye kukununulia ni mtu mwingine, aghalabu mkubwa wako au mwenzi wako, na inapendeza uwe umevivaa kabla ya saa sita ya usiku wa mkesha. Bibi aliniangalia akauliza, "Na wewe nani amekununulia?" Nikamwambia mama yangu yuko Tanga na hajui kama mwaka huu nina lolote. Akageuka akamtazama binti yake. Mama akatia mkono kwenye mfuko, akatoa jozi ya tatu. Alikuwa ameshalifikiria hilo dukani.

Kuna ushauri mmoja wa kidunia ningependa nimpe anayesoma haya huku amezawadiwa nguo za namna hiyo: zifue peke yake, mara mbili au tatu, kwa maji baridi, kabla ya kuzivaa. Zile za bei ya chini zinatoa rangi vibaya sana. Shati langu jeupe la kuendea maabara liligeuka la waridi, na miguu yangu ikashinda siku nzima kama niliyepakwa hina na fundi mlevi. Ukiona ngozi inawasha, vua, ufungwe uzi tu mkononi. Hata Bibi alikubali kwamba uzi unatosha. Wenye uwezo huongeza kishanga cha dhahabu chenye sura ya mnyama wao, na maduka ya sonara hujaza kabati za vishanga hivyo miezi kadhaa kabla ya mwaka kuingia. Sidhani kama kuna wafanyabiashara wanaoipenda hofu hii kuliko hao na wauza chupi.

Siku ya nane ya mwezi wa kwanza, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 7 Februari, Bibi alitupeleka kwenye Baiyun Guan, hekalu kubwa la dini ya Kitao upande wa magharibi wa Beijing. Siku ya nane ndiyo ya kuziheshimu nyota. Ndani kuna jumba la majemadari 60, sanamu zimepangwa kuzunguka kuta, na watu wanabanana wakimtafuta kila mmoja wa kwake. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho orodha za wanyama 12 hazikwambii. Wachina huuchanganya mzunguko wa wanyama 12 na mzunguko mwingine wa alama 10, na miaka haijirudii sawasawa hadi ipite 60. Kwa hiyo mimi na mjukuu, tuliozaliwa mwaka mmoja, tulisimama mbele ya jemadari mmoja, lakini Babu, farasi vilevile, alikuwa na wake kwingine kabisa, na jemadari aliyekuwa zamu mwaka 2014 hakuwa wa yeyote kati yetu. Bibi aliwasalimia wote watatu, asije akaonekana na ubaguzi.

Mimi ni Mwislamu, sikuinama wala sikuchoma ubani. Nilisimama pembeni nikiwa nimeshika makoti ya watu. Hakuna aliyeniuliza. Lakini nikiwa pale nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye Mfunguo Tano ukiingia hakubali harusi ya mtu wake wala safari isiyo ya lazima, na Jumatano ya mwisho ya mwezi huo anaiona nuhusi tupu. Masheikh wamesema mara ngapi kwamba hakuna msingi wa hayo? Anawasikiliza kwa adabu, kisha anangoja mwezi upite. Kwa hiyo nyumba ile ya Beijing haikunishangaza kama ilivyowashangaza wanafunzi wenzangu waliotoka Ulaya.

Sasa niingie kwenye harusi, maana hapo ndipo niliposoma zaidi kuliko darasani.

Mjukuu alikuwa na mchumba, na familia ya mchumba ilitaka sherehe ifanyike 2014. Kwa nini si mapema, mwaka 2013? Kwa sababu mwaka ule wa nyoka uliitwa mwaka wa mjane. Kalenda ya Wachina hufuata mwezi, lakini ina alama 24 za jua, na ya kwanza yake, Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, huangukia karibu tarehe 4 Februari kila mwaka. Mwaka wa nyoka ulianza tarehe 10 Februari 2013 ukaisha tarehe 30 Januari 2014. Ukihesabu utaona kwamba Lichun ya kwanza ilikuwa imeshapita ulipoanza, na ya pili haikuwa imefika ulipokwisha. Mwaka usio na Lichun ndani yake huambiwa hauna machipuko, na anayeolewa humo, wanasema, hufiwa na mume.

Mwaka wa farasi ulikuwa kinyume chake. Ulianza tarehe 31 Januari 2014, ukawa na mwezi wa tisa mara mbili kwa kufidia hesabu, ukaendelea hadi tarehe 18 Februari 2015. Kwa urefu huo ukazimeza Lichun mbili. Mwaka wa machipuko mawili ndio wanaoukimbilia maharusi. Zaidi ya hayo, mwaka utakaofuata ulikuwa wa kondoo, na kuna msemo wa zamani huko kaskazini kwamba kondoo kumi, tisa hawakamiliki, yaani mtoto wa mwaka wa kondoo huwa na maisha ya pungufu. Mama wa mchumba alitaka harusi upesi ili mjukuu wake azaliwe farasi.

Basi pande zote zikavutana. Kwa wa kwao mwanamume, 2014 ulikuwa mwaka bora wa ndoa kwa miaka mingi. Kwa Bibi, ulikuwa mwaka ambao Tai Sui ameketi kwenye kichwa cha bibi harusi. Na ajabu ni kwamba wote wawili walikuwa wanasoma kalenda ileile.

Mama wa mchumba akaenda kwa mpiga ramli na tarehe ya kuzaliwa ya msichana. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1990. Mwaka mpya wa 1990 uliingia tarehe 27 Januari, kwa hiyo kwa watu wote wa mtaani ni farasi, kwa siku tatu tu. Lakini wapiga ramli wengi hawauanzi mwaka kwenye mwezi mpya. Wao huuanza kwenye Lichun, tarehe 4 Februari. Kwa hesabu yao alikuwa bado nyoka. Jibu likaja na furaha: msichana wenu si farasi, mwaka 2014 haumhusu, oeni.

Bibi alilisikiliza jibu hilo akiwa anamenya vitunguu saumu. Akauliza swali moja: kama mjukuu wangu ni nyoka, basi mwaka wake wa hatari ulikuwa 2013, mwaka ambao alipita bila uzi, bila soksi, bila kwenda hekaluni, mbona yuko hapa anakula? Hakuna aliyejibu. Sikuweza kujua kama alikuwa anaipinga ramli au anaipinga hofu yake mwenyewe, na nadhani naye hakujua.

(Ukiwa umezaliwa Januari au Februari, usiamini orodha za mtandaoni zinazotaja mwaka tu. Tafuta tarehe ambayo mwaka mpya wa Kichina uliingia mwaka ule uliozaliwa. Ninao rafiki wa Mombasa wa Januari 1991 aliyejitambulisha kwa Wachina kama kondoo kwa miaka, kumbe ni farasi kama mimi.)

Aliyefungua fundo ni Babu, mtu ambaye kwa kawaida hakutia neno kwenye mambo ya harusi. Alisema msemo kuhusu Tai Sui anaujua mzima, si nusu. Unasema hivi: Tai Sui akikaa kichwani, pasipokuwa na shangwe pana balaa. Akauliza, sasa shangwe kubwa kuliko harusi ni ipi? Kwa usomaji huo harusi haikuwa kosa dhidi ya mwaka, ilikuwa dawa yake. Msemo huo si wa Babu, ni wa wote, na baadaye nilikuja kusikia familia nyingi zikiutumia kwa njia hiyohiyo, huku nyingine zikiusoma kama onyo tu. Bibi alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akaanza kuulizia bei za kumbi. Sherehe ikafanyika kwenye mapumziko ya mwanzo wa Mei, bibi harusi akiwa na gauni jeupe nje na wekundu wote wa Mama ndani.

Nikitazama nyuma naona kwamba nyumba ile haikuwa na mtu wa kuamini na mtu wa kutoamini. Walikuwepo wanaoijua mila juu juu na wanaoijua hadi chini. Anayeijua juu juu anayo makatazo peke yake. Anayeijua hadi chini anazo pia njia za kutokea, kwa sababu waliozitunga mila hizi walikuwa watu wenye mashamba ya kulima na mabinti wa kuozesha, wasingeweza kusimamisha maisha mwaka mzima kila baada ya miaka 12. Mjukuu, aliyekuwa anasoma uhandisi na kujiona hana muda na haya, ndiye aliyekuwa na hofu zaidi. Alianza kuandika kwenye daftari kila baya lililompata: baiskeli iliyoibwa, mtihani uliomwendea vibaya, mafua ya wiki mbili. Nikamkumbusha kwamba baiskeli nyingine iliibwa mwaka 2013, tena ilikuwa nzuri zaidi. Alikuwa amesahau. Mwaka ule hakuna aliyefungua daftari.

Lakini kuna upande ambao sikuupenda, nao ni jicho la Babu.

Wachina wa umri wake humpa mtoto mwaka mmoja siku anayozaliwa, na humwongeza mwingine kila mwaka mpya unapoingia. Kwa hesabu hiyo Babu, wa 1942, aliingia 2014 akiwa na miaka 73. Miaka ya mnyama wako ukiwa mzee huangukia hapohapo: 61, 73, 85. Na 73 ina mkosi wake wa ziada. Wahenga wao wawili wakuu wa kale, Konfusio inasemekana alifariki akiwa na 73, na Mensio akiwa na 84, na kama hata wao hawakuweza kuvuka, wewe ni nani? Wazee husema: sabini na tatu, themanini na nne, mfalme wa kuzimu asipokuita utakwenda mwenyewe. Kwa hiyo Babu alikuwa na mizigo miwili mwaka mmoja. Mtu akimuuliza umri, alijibu 74. Si yeye tu. Wazee wengi wa pale mtaani hawakuwahi kuwa na miaka 73, waliruka.

Tangu mwaka 2013 alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na daktari alishasema wakati umefika wa kuutoa. Bibi akasema tungoje mwaka upite. Mwanzoni hakuna aliyeona tatizo, maana mtoto wa jicho hauui. Hapo ndipo hofu ya mwaka inapokosea hesabu. Kungoja kunaonekana ni kutofanya kitu, kumbe nako ni kufanya. Lenzi yenye ukungu inazidi kuwa ngumu kadiri unavyoiacha, na upasuaji wake nao unazidi kuwa mgumu. Na mzee asiyeona vizuri huanguka. Mwezi Machi Babu alikosea ngazi ya mlango wa jengo, akatua kwa mkono. Mfupa haukuvunjika, ulivimba tu. Bibi alisema: mnaona, mwaka umeanza. Mama akasema: hukuona ngazi, Baba.

Ninachokistahi kwa Mama ni kwamba hakubishana na mwaka. Angeweza kumwambia mama yake kwamba Tai Sui hayupo, wakaacha kusemezana wiki nzima, na jicho likabaki vilevile. Alipita njia nyingine. Kuna imani kwamba balaa moja la mwaka huu ni la kumwagika damu, na kwamba ukiitoa damu kidogo kwa hiari yako, kwa mfano kwa kuchangia hospitalini au hata kwa kusafishwa meno, deni limelipwa na halitakudai kwenye ajali. Mama akasema upasuaji wa jicho ndiyo damu yenyewe hiyo, tena ndogo kabisa, tone au hata tone lisionekane. Kisha akaleta kalenda ya kubandua, ile yenye orodha ya mambo yanayofaa na yasiyofaa kila siku, akamwonyesha Bibi siku za Aprili zilizoandikwa kwamba zinafaa kutafuta tiba. Bibi akachagua mwenyewe. Nilihisi kwamba aliyechagua siku hawezi tena kuikataa, na Mama alilijua hilo.

Kabla ya siku hiyo kukawa na samaki. Watu wa Shandong wana desturi kwamba mzazi akifika 73, binti ndiye anayemletea samaki wa mtoni wanayemwita li, mwenye magamba makubwa na sharubu mbili fupi kila upande wa mdomo. Samaki huyo husifiwa kwa kuruka juu ya maporomoko, kwa hiyo anayemla anauruka mwaka. Anatakiwa anunuliwe akiwa hai. Mama alimleta kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, na samaki akawa anampigapiga miguu njia nzima ndani ya basi. Akapikwa kwa mchuzi wa soya, tangawizi na majani ya vitunguu. Kwa kanuni ya nyumba ile, Babu alipaswa ammalize peke yake. Samaki yule ana miba midogo isiyo na idadi, na Babu haoni. Mjukuu alikaa ubavuni akimchambulia, tonge kwa tonge, kwa zaidi ya saa nzima, na sisi wengine tukala mboga tukisubiri.

Hospitali ilikuwa shwari kuliko nyumbani. Walianza na jicho moja, wakapanga la pili baadaye, kama wafanyavyo kwa kawaida. Ganzi ni ya matone, mgonjwa yuko macho, daktari anatoboa tundu dogo, anaisaga lenzi mbovu kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza, kisha anaingiza nyingine ya plastiki iliyokunjwa, ikifika ndani inajikunjua. Shughuli yote haikuzidi nusu saa. Kilichochukua muda ni uzi mwekundu. Muuguzi alisema vitu vya mikononi vyote vivuliwe. Babu akauficha mkono nyuma kama mtoto. Muuguzi akautazama vizuri, akaona ni uzi mtupu, hauna kishanga cha dhahabu wala chuma chochote, akaufunika na plasta nyeupe, akasema, "Ingia nao, mzee." Ninaamini hakuwa wa kwanza kumletea uzi mwaka ule.

Kesho yake bandeji ilipotolewa Babu alimtazama Bibi akamwambia amezeeka sana. Hawakusemezana hadi jioni.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka, na mtu akiniuliza kuhusu miaka hii humwambia hivihivi. Soksi, uzi, samaki, kwenda hekaluni: hayo ni ya bei nafuu na yana faida ambayo haina uhusiano na nyota, kwamba kuna mtu amekukumbuka akaingia dukani kwa ajili yako. Vaa. Lakini jambo likianza kugharimu, tiba iliyoahirishwa, kazi nzuri iliyokataliwa, uchunguzi wa uvimbe uliosogezwa hadi Februari nyingine, basi mkae chini mtafute njia ya kutokea, na ndani ya mila yenyewe mara nyingi ipo. Ukitumia sayansi peke yake dhidi ya nyanya wa mtu, utashinda mabishano na mgonjwa atabaki nyumbani.

Mtoto wa rafiki yangu, yule mjukuu, hakuwahi mwaka wa farasi. Mwaka wa kondoo uliingia tarehe 19 Februari 2015, naye akaja Machi, wa kike, mnene, mwenye sauti. Mama mkwe aliyekuwa anahesabu siku kwa vidole alisema hospitalini, mbele ya watu, kwamba ule msemo wa kondoo kumi ni upuuzi wa watu wasiosoma.

Babu yupo. Mwaka jana, 2025, alitimiza ile 84 ya Mensio kwa hesabu yao, na Mama akamletea samaki mwingine. Mwaka huu ana 85, na ni farasi kwenye mwaka wa farasi, lakini ameniambia kwenye simu kwamba 73 na 84 zote zimebaki nyuma yake, sasa hana msemo wowote unaomtaja. Nilimuuliza kama ameshavaa soksi. Akainua mguu hadi kwenye kamera, nyekundu tupu, akasema soksi hana shida nazo, ila samaki wa mwaka jana alikuwa na miba mingi kuliko yule wa kwanza, na safari hii mjukuu yuko kazini Shanghai, ilibidi achambue mwenyewe.